Chupa mbili za chumvi: dakika ya kwanza mbele ya wazee waliolima kabla hujazaliwa

"Nina miaka 26, ni afisa ugani mpya katika kata moja ya wilaya ya Kongwa. Natakiwa kutoa mafunzo ya kuhifadhi mahindi kwa wakulima 35, wengi wao wana umri wa baba na babu yangu. Wiki iliyopita, kijiji cha kwanza, nilianza kwa kueleza shahada yangu na chuo nilichosoma, kisha nikasema mahindi yakikaushwa vizuri dumuzi hawezi kuyala. Mzee mmoja akacheka, wengine wakafuata. Akaniuliza: 'Binti, shamba lako liko wapi?' Nikaanza kujitetea, na tangu hapo hakuna aliyenisikiliza. Jumanne ijayo nakwenda kijiji cha pili. Niseme nini dakika ya kwanza ili wasinione mtoto?"

Mwanangu, kabla hatujagusa umri wako, turudi kwenye kile kicheko. Kwa maelezo yako mwenyewe, hakikuja uliposimama, wala ulipotaja jina. Kilikuja baada ya sentensi ya dumuzi, na sentensi ile haikuwa kweli. Dumuzi anaishi na kuzaliana hata kwenye mahindi yenye unyevu wa asilimia 9 hivi, yaani makavu kuliko yale tunayoyaita makavu ya kuhifadhi. Mzee aliyecheka amewahi kufungua gunia ambalo alilifunga punje zikilia kama kokoto, akakuta unga. Akasikia mtaalamu akimwambia kwamba jambo hilo haliwezekani. Angekuwa na haki ya kucheka hata kama msemaji angekuwa na mvi.

Nakuambia hivi kwa sababu ukienda kijiji cha pili ukidhani tatizo ni sura yako, utatafuta dawa ya sura. Utavaa koti zito, utakaza sauti, utarefusha maelezo ya shahada. Kisha utasema tena sentensi ileile, na watacheka tena.

Umri wako una kazi yake, sitakudanganya. Kijana akisimama mbele ya wazee, wanamkagua mapema zaidi na kwa ukali zaidi kuliko wangemkagua mtu wa miaka 50. Mkubwa akikosea sentensi moja wanamsamehe, wanasema ulimi umeteleza. Wewe ukikosea, wanasema hajui. Umri ndio uliowafanya wakusikilize kama wakaguzi, lakini hukumu ilitoka kwenye maneno. Tofauti hiyo ni nzuri kwako, kwa sababu umri huwezi kuurekebisha ifikapo Jumanne, ila maneno unaweza.

Wapo watakaokwambia wazee wa vijijini hawapokei jipya. Usiliamini hilo hata kidogo, na dumuzi mwenyewe ni shahidi. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa nchini aligundulika Tabora kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akaenea. Watu wakampa jina la Scania kwa jinsi anavyobomoa ghala kwa nguvu ya lori. Kabla yake familia nyingi zilihifadhi mahindi yakiwa kwenye magunzi, juu ya dari au ndani ya kihenge. Ushauri ukaja kwamba wapukuchue, wachanganye na dawa ya unga, kwa kuwa dumuzi hustawi zaidi kwenye hindi lililo bado gunzini. Kaya nyingi sana zikabadili desturi ya vizazi. Mzee wa miaka 65 atakayekaa mbele yako Jumanne alikuwa kijana wa rika lako wakati huo. Ameshabadili namna ya kuhifadhi mara moja maishani mwake kwa sababu ya mdudu uleule. Anachotaka ni kuona sababu.

Sasa tuje kwenye dakika yenyewe. Mwaka 1993 watafiti wawili, Nalini Ambady na Robert Rosenthal, waliwaonyesha watu vipande vya video vya walimu wakifundisha, bila sauti, jumla ya nusu dakika tu kwa kila mwalimu. Alama walizotoa watu hao zilikaribiana na zile ambazo wanafunzi walimpa mwalimu huyohuyo mwisho wa muhula. Usilisome jambo hilo kupita kiasi, maana alama ya kupendwa na darasa si sawa na kiasi cha elimu kilichoingia. Linatuambia tu kwamba watu huanza kuamua mapema sana, na kwamba mwili wako unasomwa kabla ya hoja zako.

Wazee wanapoamua, huwa wanapima mambo mawili kwa wakati mmoja: huyu anatuonaje, na huyu anajua nini. Ulipoanza kwa shahada ulidhani unajibu la pili, ila wao walisikia jibu la kwanza, kwamba unajiona uko juu yao. Na hata kwa hilo la pili, shahada ni ushahidi ambao hawawezi kuukagua. Hawakuwepo darasani. Hawajui kama ulifaulu kwa kuelewa au kwa kukariri. Mfanyabiashara akija kununua mahindi pale Kibaigwa haulizi mkulima amesoma wapi. Anachoma gunia kwa bambo, anamwaga punje kiganjani, anang'ata moja. Wazee wako watakufanyia vilevile. Kwa hiyo kazi ya dakika ya kwanza ni kuwapa kitu cha kung'ata.

Ushauri wangu wote umejengwa juu ya hilo: punguza dai lako mpaka libaki jambo moja dogo, la kweli, ambalo macho yao hayawezi kuliona peke yake, kisha uwawekee mikononi namna ya kukukagua. Hudai kwamba unajua kilimo kuliko wao, maana hujui. Unadai kwamba unajua kupima unyevu uliobaki ndani ya punje. Hilo ni dogo, na ni lako. Mzee mwenye uzoefu aking'ata hindi anatofautisha vizuri bichi na kavu. Pale katikati, kati ya hindi lenye unyevu wa asilimia 14 na lenye asilimia 16, jino linababaisha mtu yeyote. Na ukungu unaoleta sumukuvu unapenda tofauti hiyohiyo.

Chombo chako kitakuwa chumvi. Huenda ulifundishwa jaribio hili chuoni ukalipita haraka, kwa hiyo nitalieleza polepole. Unachukua chupa safi ya kioo yenye mfuniko, iliyokauka kabisa ndani. Unaijaza mahindi hadi robo au theluthi. Unaongeza chumvi ya kawaida ya jikoni, vijiko viwili au vitatu vya chakula. Unafunga na kuitikisa kwa dakika moja au zaidi kidogo, kisha unaiacha itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, hayafai kufungwa. Ukuta ukibaki safi na chumvi ikadondoka chini, yako chini ya hapo.

Sababu yake ni nzuri kuieleza kwa wazee, kwa kuwa wanaijua tayari kwa jina lingine. Chumvi huanza kuloa pale hewa inayoizunguka inapofikisha unyevu wa asilimia 75 hivi. Ndiyo maana wakati wa masika chumvi ya jikoni hushikana. Mahindi yaliyofungiwa kwenye chupa huipa hewa ya mle ndani unyevu wao, na mahindi yenye unyevu wa karibu asilimia 15 huifikisha hewa hiyo palepale chumvi inapoanza kuloa. Kwa hiyo chumvi inaonja hewa inayotoka kwenye hindi. Kila mama aliyewahi kuweka chumvi karibu na sufuria inayotoa mvuke atakuelewa kabla hujamaliza.

Jaribio lina mipaka, na uitaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Linakataa mahindi mabichi, lakini halithibitishi ukavu kamili. Kwa mifuko isiyopitisha hewa, ile inayouzwa kwa jina la mifuko ya kinga njaa, tunataka mahindi yawe yameshuka hadi asilimia 13 au 13 na nusu. Chumvi haiwezi kukwambia kama uko kwenye 13 au 14. Kwa hapo unahitaji kipima unyevu, au siku moja au mbili zaidi za jua juu ya turubai baada ya chumvi kukubali. Vilevile chumvi haikwambii kama sumukuvu imeshaingia. Ukungu ulioota shambani au kwenye mahindi yaliyomwagwa chini wiki tatu zilizopita unaweza kuwa umeshaacha sumu, hata kama leo punje zimekauka.

Maandalizi yafanyike siku moja kabla. Nenda kijijini Jumatatu jioni, umwone mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, uombe bakuli mbili za mahindi ya palepale: moja kutoka shehena iliyokauka siku nyingi, nyingine ya mahindi yaliyopukuchuliwa mapema. Usiulize ni ya nani, na ukijua usiseme. Hapa vijana wengi huharibu bila kukusudia. Humwomba mzee alete mahindi yake mbele ya watu, chupa inaganda chumvi, na mzee anaaibika mbele ya wakwe na majirani. Atakachokumbuka si unyevu. Zipe chupa zako alama tu, uzi mwekundu na uzi mweupe.

Lakini mahindi yawe ya kijijini kweli, na mwenyekiti awe tayari kulisema hilo. Ukija na chupa ulizozijaza mjini, mtu mwenye shaka atasema umezipika, na hutakuwa na jibu.

Zungumza na mwenyekiti pia kuhusu utambulisho. Kwa nia njema kabisa anaweza kusema, "Huyu ni msomi wetu kutoka wilayani, amekuja kutufundisha kuhifadhi mahindi," na tayari amekuweka mahali ambapo hukutaka kukaa. Mwombe aseme mawili tu: kwamba wewe ndiye afisa ugani wa kata, na kwamba mahindi yaliyo kwenye chupa yametoka hapahapa. Neno la "nimeyaona yakitoka ghalani", likisemwa na mwenyekiti, lina uzito kuliko vyeti vyako vyote siku ile.

Siku yenyewe ufike mapema, usimame karibu na mlango au chini ya mti pale wanapoingilia, uwasalimie mmoja mmoja. Shikamoo kwa kila mzee, mkono ukiwa tayari, usubiri marahaba ndipo uende kwa mwingine. Wakati mkutano unaanza, theluthi mbili yao watakuwa wameshaitikia salamu yako ana kwa ana. Nenda na walikokaa akina mama, kwa kawaida nyuma au pembeni. Katika nyumba nyingi wao ndio waanikaji na wapetaji, na ndio wanaojua gunia lipi lilianza kunuka. Vijana wengi huongea na benchi la wanaume kana kwamba ghala ni lao peke yao.

Sasa maneno. Nimeyaandika yatoshe dakika moja kwa mtu anayesema kwa utulivu, pamoja na nafasi ya kuitikiwa:

"Shikamooni wazee wangu." Subiri marahaba iishe yote. "Mbukwenyi." Subiri tena. "Mimi ndiye afisa ugani wa kata hii. Hapa mbele yangu wako watu waliolima mahindi kabla sijazaliwa, na sikuja kuwafundisha kulima. Nimekuja na jambo moja, unyevu unaobaki ndani ya punje baada ya sisi kuona kuwa imekauka. Huo ndio unaoita ukungu, na kuupima ndiyo kazi niliyosomea. Chupa hizi mbili zina mahindi ya kijiji hiki, mwenyekiti ameyaona, na chumvi ya dukani. Naomba mzee mmoja na mama mmoja wanisaidie kuzitikisa. Punje za kila chupa zitapita kwenu, kila mtu ang'ate, jibu abaki nalo moyoni. Baada ya robo saa tutatazama chumvi inasemaje. Ikinikatalia, nitawaambia imenikatalia."

Halafu nyamaza, ukabidhi chupa.

Utaona neno "shahada" halimo. "Niliyosomea" linatosha, limekaa upande wa kupima tu, na yeyote anayetaka kujua zaidi atauliza. Halimo pia lile neno ambalo vijana wenye adabu hulikimbilia: "Najua mimi ni mdogo kwenu, mnisamehe." Nililisema nilipokuwa na miaka 27, mbele ya wafugaji, nikidhani ni unyenyekevu. Mzee mmoja akanijibu kwa upole kabisa, "Basi mwanangu, aliyekutuma angemtuma mkubwa." Hakuwa na ubaya wowote. Nilimwomba msamaha kwa kosa, naye akakubali kwamba kosa lipo. Heshima yako ioneshe kwa shikamoo, kwa kusubiri, kwa kusema wazi kwamba kilimo wanakijua. Umri wao unautaja kama ujuzi, na wako huna haja ya kuutaja.

Mbukwenyi iseme kama unaweza kuitamka sawasawa, na kama kijiji ni cha Wagogo kwa wingi wake. Muulize mwenyeji Jumatatu. Neno moja la salamu lililotamkwa vizuri linafungua nyuso, ila sentensi nzima iliyokosewa inageuka kichekesho, nawe kicheko umeshakipata cha kutosha. Na kama wewe ni Mhehe, watani watakuanza wenyewe. Utani uuache waufungue wao. Binti mgeni akiuanza yeye mbele ya wazee, mstari kati ya utani na utovu wa adabu ni mwembamba.

Kuhusu kung'ata na kukaa na jibu moyoni, usilibadilishe hili hata ukishawishika. Ukimwuliza mzee hadharani chupa ipi ni kavu, akakosea, umemwangusha. Akipatia, wengine watasema chumvi haina kazi. Jibu likibaki moyoni, kila mmoja anajipima mwenyewe bila shahidi. Aliyepatia atafurahi kwamba chumvi imekubaliana naye, na usishangae akiwa wa kwanza kukutetea. Aliyekosea atakaa kimya na kusikiliza.

Swali la shamba lako litarudi, pengine hata kabla chupa hazijatulia. Lilikuumiza kwa sababu ulilisikia kama tusi. Mara nyingi ni swali halali kabisa: mtu anataka kujua kama unayoyasema umeyalipia kwa jasho. Lijibu kwa kweli na kwa ufupi, ukimtazama aliyeuliza. Kama huna shamba, sema: "Sina shamba la mahindi, mzee. Ninachofanya ni kupima mahindi ya watu. Kwenye kulima mimi ndiye nitakayewauliza." Kama una hata nusu eka kwa wazazi wako, taja ukubwa wake halisi na ulichovuna. Usiikuze. Watu hawa wakisikia eka na magunia wanajua papo hapo kama hesabu inaingia akilini, na uongo wa shamba hauna pa kuponea. Ukishajibu, usiongeze. Wiki iliyopita hawakukuacha kwa sababu ya jibu, walikuacha wakati ulipoendelea kujitetea baada ya jibu.

Ile robo saa ya kusubiri ndiyo nafasi ya dumuzi, safari hii kwa usahihi. Usimweke kwenye dakika ya kwanza. Sema kwamba wana adui wawili wa aina tofauti. Ukungu unazuiwa na ukavu. Dumuzi hazuiwi na ukavu, na wao wanalijua hilo kuliko wewe. Kisha waulize alionekana lini kwa mara ya kwanza kijijini hapo, na walifanya nini. Hapo utapata simulizi za miaka 40, nawe ukae usikilize, uandike. Wakishasema, eleza kinachomweza: kumnyima hewa. Ule mfuko una mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja wa salfeti nje. Mahindi yakishajaa unakamua hewa, unasokota mdomo wa plastiki ya ndani, unaukunja na kuufunga, kisha unafanya vivyo hivyo kwa ya pili na wa nje. Wadudu waliomo wanavuta hewa iliyobaki mpaka inapungua sana, wanaacha kula, wanakufa. Ukiufungua kila wiki kuchota ya kula, unawarudishia pumzi. Na hapa adui wawili wanakutana: mahindi yenye unyevu yakifungiwa bila hewa yanaharibika humohumo ndani, ndiyo sababu ulianza na chumvi. Wazee wataona wenyewe kwamba una mpangilio, bila wewe kuutangaza.

Jambo jingine ambalo usianze nalo ni vifo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mtu anaweza kudhani kulitaja mapema kutawashtua wasikilize. Huyajui makaburi ya watu waliokaa mbele yako. Lilete baadaye, kwa sauti ya chini, wakishakukubali, tena kwa maana ya kazi: mahindi yaliyoota ukungu hayaliwi, hayapelekwi kwenye pombe, wala hayasafishwi kwa kupikwa, kwa kuwa sumu hiyo haiondoki kwa moto wa jikoni.

Je, chumvi ikikukatalia? Inawezekana. Chupa zote mbili zikabaki safi, au zote zikaganda. Ikitokea, timiza ahadi yako, sema, "Imenikatalia," na mtafute sababu pamoja. Mara nyingi chumvi yenyewe ilikuwa na unyevu, au chupa haikukauka ndani baada ya kuoshwa. Pengine mahindi mliyodhani mabichi yameshakauka kweli, maana hewa ya Kongwa ikishakuwa kavu hukausha haraka. Nimewahi kuona ukumbi ukimwamini mwezeshaji zaidi baada ya jaribio kumkatalia, kwa sababu hakugeuza maneno. Ila usitegemee hilo. Lijaribu nyumbani angalau mara tatu kabla ya Jumanne, kwa mahindi ya aina mbili, ujue chumvi yako inavyofanya kazi.

Na kijiji cha kwanza usikiache. Rudi, hata kwa nusu saa siku ya mkutano wao mwingine, umtafute mzee aliyecheka na umwambie mbele ya wenzake kwamba kuhusu dumuzi yeye alikuwa sahihi na wewe ulikosea. Najua ni zito. Lakini kata ni moja, masoko ni yaleyale, na sentensi yako ya wiki iliyopita inatembea kwa miguu kwenda vijiji vingine.

Kuna mambo ambayo maandishi haya hayatayatosha. Ukienda vijiji viwili zaidi, maneno yakiwa sahihi na chupa zikiwa mikononi mwao, na bado wanakupotea, mwombe afisa mwenzako mwenye miaka mingi kazini aje akae nyuma akutazame. Kuna vitu mtu hajioni, kama kuongea kwa kasi, kutazama karatasi, au kumalizia sentensi kwa sauti ya kuuliza. Ukigundua hasira yao inatokana na mradi uliopita, pengine pembejeo zilizochelewa au mifuko iliyotoboka mapema, hiyo si ya kumalizwa na salamu wala chumvi. Sikiliza malalamiko, uyaandike, uyapeleke kwa msimamizi wako, na urudi na jibu hata kama ni baya. Na kama maneno unayotupiwa ni ya kukuvunjia heshima kama mwanamke, hilo si suala la ustadi wa kuwezesha. Mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo, na usirudi peke yako.

La mwisho ni la dharura. Ukisikia katika nyumba yoyote kwamba watu wamekula mahindi ya ghala moja na sasa wanatapika, tumbo linajaa au macho yamekuwa ya manjano, sitisha mafunzo. Wapelekwe zahanati mara moja, mahindi hayo yasiliwe tena, na umpigie simu mtendaji ukiwa bado hapohapo.

Jumatatu usiku, kabla hujalala, mimina chumvi kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, uikoroge mpaka punje zake zisishikane, uiache ipoe, uifunge kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Chupa uzianike zikiwa wazi, midomo chini.